Si kubandika "i" tu

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa mwanafunzi wa isimu kabisa: eti Kiswahili kikikopa neno la Kiingereza hubandika "i" mwishoni, kazi imekwisha. Benki, koti, shati, keki. Haya basi, mbona hatusemi timi, chifi na bulbi?

Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, hilo halina ubishi. Swali ni irabu ipi. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, yaani p, b, m au f, mara nyingi hufuatwa na "u", kwa sababu midomo imeshaingia kazini na "u" huitumia hiyo hiyo: pampu, bulbu, timu, chifu. Nyingine nyingi huchukua "i". Usiniletee kocha, namjua, amekaidi, na sijaona kanuni inayomnyoosha.

Utamu uko katikati ya neno. Chukua kilabu. Kiingereza kilitupa "k" na "l" zilizogandana, tukazitenganisha kwa "i", basi. Lakini irabu hiyo ndogo ilizaa "ki", na sikio la Mswahili likisikia "ki" mwanzoni mwa jina la kitu linatafuta "vi". Tukapata vilabu. Sauti iliyoletwa kurahisisha matamshi ikageuka sarufi! Siku hizi wengi huandika klabu, "i" imeng'olewa, ila fungua ukurasa wowote wa michezo uone: "klabu hii" juu, "vilabu hivi" aya inayofuata. Umoja umerudi kwenye ngeli ya I-ZI, wingi umebaki KI-VI. Wahariri wengine husahihisha wakaandika "klabu hizi". Mimi huacha vilabu.

Madigadi ya gari nayo yalipita njia hiyo, "ma" ikasikika kama ya wingi, na fundi akakuuzia digadi moja. Lakini mashine ina "ma" ileile na hakuna aliyewahi kununua shine. Kwa nini moja likubali na jingine likatae? Vitabu husema "uchanganuzi upya" kisha hufunga mjadala. Hilo ni jina tu la kilichotokea, halitabiri neno lipi litafuata.

Maana nayo huhama, na sarufi ndiyo hukuonyesha imefika wapi. Kanjo lilitoka kwenye jina la Kiingereza la baraza la jiji. Baraza lenyewe lilipisha serikali ya kaunti mwaka 2013, neno likabaki barabarani. Msikilize mchuuzi wa Nairobi akikunja turubai lake mbio: "Kanjo wanakuja!" Wanakuja, si inakuja. Hazungumzii ofisi wala madiwani. Anazungumzia askari walioshuka kwenye gari, ndiyo maana kitenzi kimechukua "wa" ya watu.