Legacy Contact haimsaidii mgonjwa

Wiki hii mteja huyu ni wa tatu. Kakaa kwenye kiti changu hapa Kariakoo, kachangamka kweli: “Fundi, mke wangu nimeshamweka Legacy Contact kwenye aifoni, yule mtu wa kufungua akaunti yangu nikifa. Hata nikilazwa, ataingia.”

Hataingia, kaka. Apple watamdai vitu viwili: ule ufunguo uliotolewa siku ulipomteua, na cheti cha kifo. Ukipigwa na kiharusi, ukakaa miezi sita Muhimbili hujitambui, cheti hicho hakuna, na mlango haufunguki. Hata RITA wakishakitoa, mkeo ataona picha, meseji na vingine ulivyohifadhi iCloud. Pasiwedi zako hazimo. Google nao wana Inactive Account Manager, ya kumpa mtu uliyemchagua data zako, ila hiyo husubiri akaunti ikae kimya kwa muda uliouchagua, usiopungua miezi 3. Ada ya shule haisubiri hivyo.

Dawa ya ugonjwa ni bahasha. Sasa shida ni kinachoandikwa ndani.

Niliwahi kuletewa simu ya mzee mmoja aliyelazwa. Alikuwa ameacha bahasha imefungwa vizuri, ndani kaandika pasiwedi ya imeili kwa mwandiko safi. Binti yake akaiingiza, Google ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya mzee. Simu ya mzee ilikuwa imezima chaji. Walipoiwasha wakamshikisha kidole pale pale kitandani, ikagoma, maana simu ikitoka kuzimwa hutaka PIN kwanza. Bahasha haina PIN. Wakachomoa laini, wakaitia kwenye simu ya binti; kumbe laini nayo ina PIN yake. Wakabahatisha mara tatu, ikadai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na walipofika kwangu walishaanza kubahatisha na hiyo. Niliwanyang'anya simu. PUK ukiikosea mara 10, laini imekufa. Kadi iliyokuja na laini, yenye PUK ya tarakimu 8, ilikuwa kwenye droo ya mzee muda wote huo.

Kwa hiyo anza na PIN ya simu, kisha PIN na PUK ya laini, ndipo imeili. Google hutoa pia backup codes, namba 10 za akiba. Zichape uzitie humo, zinafanya kazi bila laini. Ule ufunguo wa Apple nao uchape. Namba ya siri ya M-Pesa usiiandike: mtu akifariki, salio ni mali ya mirathi, si halali kwenda kuitoa kimya kimya kwa wakala.

Bahasha ikae wapi? Hapo bado nabishana na nafsi yangu. Nyumbani kuna wageni na wezi, na ukiificha sana hakuna atakayeiona. Yangu iko kwa dada Mbagala, nimesaini juu ya gundi. Mwezi uliopita nilibadilisha PIN ya simu, nikakaa wiki tatu ndipo nikaenda kubadilisha karatasi, mimi fundi mwenyewe.