Swichi ya tuwei: taa moja ya korido, swichi mbili

Swichi ya kawaida ina matundu mawili ya waya: umeme unaingia huku, unatokea kule, na kidole chako kinaunganisha au kinakata. Swichi ya tuwei ina matundu matatu, na kwa kweli haikati chochote. Inachagua tu. Tundu moja, lililoandikwa COM, huwa limeunganishwa wakati wote na moja kati ya mawili yaliyobaki, L1 au L2. Ukibonyeza, linaachana na L1 na kushika L2. Ukibonyeza tena, linarudi.

Sasa chukua swichi mbili za namna hiyo, moja mwanzo wa korido na nyingine mwisho. Waya wa moto kutoka kwenye breka unaingia COM ya swichi ya kwanza. Nyaya mbili za kati zinatoka L1 na L2 za swichi hiyo hadi L1 na L2 za swichi ya pili. Kutoka COM ya swichi ya pili waya mmoja unakwenda kwenye taa. Nyutro inatoka kwenye boksi la breka moja kwa moja hadi kwenye taa bila kupita swichi yoyote, na athi nayo vivyo hivyo.

Swichi zote mbili zikichagua waya uleule wa kati, njia imekamilika na taa inawaka. Zikitofautiana, umeme unafika swichi ya pili kwenye waya ambao haujachaguliwa, unaishia hapo. Ndiyo maana popote ulipo, kubonyeza mara moja kunabadilisha hali ya taa. Ndiyo maana pia swichi hizi hazina upande wa kuwasha na upande wa kuzima. Mtu aliyezoea kwamba chini ni kuwasha atachanganyikiwa kwa siku chache, basi. Hata ukibadilisha L1 na L2 upande mmoja, taa itafanya kazi sawasawa. Tundu lisilosamehe ni COM.

Tupige hesabu ya korido ya lodji moja ya Arua: urefu mita 12, dari mita 2.8, swichi kila upande mita 1.4 kutoka sakafuni, taa katikati. Kila waya wa kati unapanda mita 1.4, unatembea 12, unashuka 1.4, jumla 14.8. Ziko mbili, kwa hiyo 29.6. Waya wa kurudi kutoka swichi ya pili hadi kwenye taa ni 1.4 na 6, yaani 7.4. Jumla ni mita 37, na fundi ataongeza kidogo kwa ajili ya ncha za kufungia. Hapo bado nyutro, athi na waya wa moto unaotoka kwenye breka. Balbu ya wati 9 kwenye umeme wa volti 240 haivuti hata sehemu ya kumi ya ampia, lakini waya unabaki milimita mraba 1.5, kwa sababu waya lazima ustahimili kile ambacho breka ya ampia 6 au 10 itaruhusu kabla ya kukata.

Angalia kwamba kila boksi la swichi linapata nyaya tatu tu za kazi. La kwanza lina waya wa moto na zile mbili za kati, la pili lina zile mbili na waya wa taa. Nyutro haina shughuli ndani ya swichi hizi.

Korido ile ilifanya kazi vizuri hadi swichi ya mwisho ilipovunjika. Kijana wa pale alinunua mpya, akafungua ya zamani na kuhamisha kila waya kwenye tundu la mahali palepale: wa juu juu, wa kushoto kushoto. Lakini watengenezaji hawapangi matundu kwa namna moja, na COM ya swichi mpya ilikuwa mahali pengine. Jioni wageni wakaanza: “Mama, swichi ya huku mbele imekufa.” Kijana akabadilisha na ya mbele pia. Hakuna kilichobadilika.

Dalili yake ndiyo hii. Mikao ya swichi mbili iko minne, na kwa kawaida taa huwaka katika miwili. Pale lodji iliwaka katika mmoja tu. Swichi ya mwisho ikiwa upande mmoja, ya mbele iliwasha na kuzima kama kawaida. Ikiwa upande wa pili, ya mbele ilibonyezwa bure. Ukiona hivyo usinunue swichi nyingine. Waya usiostahili umekaa kwenye COM ya mojawapo. Zima breka, hakikisha kwa tesa kwamba umeme umekatika, kisha soma maandishi ya nyuma ya swichi. Yakiwa yamefutika, toa swichi kwenye nyaya na upime kwa mita iliyowekwa kwenye mlio: tundu linalolia na moja, kisha likalia na jingine baada ya kubonyeza, ndilo COM.

Breka izimwe hata kama taa imezimika. Kwenye mpangilio huu mmoja wa nyaya za kati huwa na moto saa zote, taa iwake isiwake. Na mtindo wa kufanyia kazi hizi wakati umeme umekatika mtaani, breka ikiwa imewashwa, ni wa hatari, maana umeme haurudi kwa hodi.

Kuna njia ya mkato ambayo mimi ningeikataa hata kama fundi anapunguza bei. Kwa kuwa kila mwisho wa korido kuna chumba chenye umeme, anachukua moto na nyutro huku na moto na nyutro kule, anaziweka kwenye L1 na L2 za kila swichi, halafu kutoka kila COM waya mmoja tu unakwenda kwenye taa. Anaokoa waya mwingi na taa inatii. Lakini taa inaweza kuzimika kwa sababu pande zote mbili zina moto, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu “iliyozimwa” anashika holda yenye volti 240. Isitoshe, kuzima breka ya chumba kimoja kunaweza kuacha moto wa chumba cha pili. Fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, anaweza kuigundua haraka: taa ikiwa imezimwa, tesa inawaka kwenye ncha zote mbili za holda katika mojawapo ya mikao.

Jambo la mwisho linawatisha wengi bure. Balbu ya LED ikizimwa kwenye tuwei inaweza kubaki na mwanga hafifu usiku. Waya wa kati wenye moto umelala mita nyingi kando ya mwenzake aliye njiani kwenda kwenye taa, na umeme kidogo sana unavuka baina yao bila kugusana. Balbu ya zamani isingeuhisi, ila LED hutosheka na kidogo. Jaribu balbu ya aina nyingine kwanza, na ikishindikana fundi anafunga kapasita ndogo maalumu sambamba na taa, ndani ya boksi la dari.