Kipi kianikwe juani na kipi kivulini: maswali na majibu kuhusu nepi, khanga na chandarua

Swali: Nepi za mwanangu zilizobaki na doa la njano hutakata nikizianika juani, lakini khanga yangu ya bluu imepauka kwenye kamba ile ile. Inakuwaje?

Jua halifanyi kazi mbili hapo. Linafanya moja tu, nayo ni kuvunja rangi. Rangi nyingi, ziwe za doa au za kiwandani, hutokana na molekuli zenye umbo linaloweza kunasa mwanga. Miale ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, huzivunja molekuli hizo kwa kusaidiana na oksijeni ya hewani, na vipande vinavyobaki havinasi tena mwanga tunaouona. Kwenye nepi nyeupe ya pamba kitu pekee chenye rangi ni doa, kwa hiyo doa linapovunjika unabaki weupe wa uzi wenyewe. Kwenye khanga kilichovunjika ni rangi uliyoinunua.

Doa la njano la kinyesi cha mtoto mchanga huondoka kwa urahisi kwa sababu sehemu ya rangi yake hutokana na nyongo, na rangi za nyongo ni dhaifu mbele ya mwanga. Hospitali hutumia udhaifu huo huo pale zinapomlaza chini ya taa za buluu mtoto mchanga aliyepata umanjano. Naomba hapa nieleweke vizuri: mtoto ambaye macho au ngozi yake imekuwa ya njano apelekwe kituo cha afya, asianikwe juani nyumbani, kwa kuwa jua haliwezi kupimwa wala kudhibitiwa kama taa hizo. Madoa ya bizari ya manjano, nyanya na karoti nayo hufifia vizuri juani. Udongo mwekundu na kutu havifutiki, kwa sababu rangi yake ni madini ya chuma ambayo mwanga hauyavunji, na grisi ya gari nayo hubaki mpaka iondolewe kwa sabuni.

Unyevu huongeza kasi ya kazi hii, ndiyo maana nepi yenye doa huanikwa ingali mbichi, na doa likibaki baada ya nepi kukauka, hulowanishwa tena kwa maji safi na kurudishwa juani. Kwa sababu hiyo hiyo, saa za kwanza kwenye kamba ndizo mbaya zaidi kwa khanga.

Swali: Basi nguo zote nyeupe ni za juani? Nina shati jeupe ambalo limegeuka njano ingawa nalianika juani kila wiki.

Si zote. Pamba nyeupe na kitani hustahimili jua vizuri, lakini hariri, sufu na nailoni nyeupe hugeuka njano, kwa kuwa mwanga hushambulia uzi wenyewe na si uchafu ulio juu yake. Hariri ndiyo dhaifu kuliko zote: huanza kwa kuwa njano, kisha uzi hulegea na kuchanika kwenye mikunjo.

Ikiwa shati lako ni la pamba au la mchanganyiko wa pamba na poliesta, angalia njano iko wapi. Ikiwa imekaa kwenye kola na makwapani tu, huo ni mchanganyiko wa jasho, mafuta ya mwili na dawa ya kuzuia jasho, na jua halitauondoa mpaka ufuliwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ikiwa njano imeenea shati zima, hasa mgongoni na mabegani palipotazamana na jua, huenda sababu ni kemikali za kung'arisha ambazo viwanda huzitia kwenye kitambaa na kwenye sabuni za unga. Kemikali hizo hazisafishi chochote. Hupokea miale ya urujuanimno na kuitoa tena kama mwanga wa buluu, na macho huona weupe mkali. Zinapochoshwa na jua, ule mwanga wa buluu hupungua na njano iliyokuwa imefichwa hujitokeza.

Swali: Nitajuaje kama nguo ya rangi imeharibiwa na jua au na kufuliwa, na ni zipi nizianike kivulini?

Fungua upindo wa chini au tazama ndani ya mshono. Ikiwa sehemu iliyofichwa bado ina rangi kali huku ya nje imepauka, mharibifu ni jua. Ikiwa ndani na nje zimefifia kwa kiasi kimoja na maji ya kufulia hutoka na rangi, basi nguo inachuja, na kivuli hakitaisaidia sana.

Zinazostahili kivuli ni hariri, sufu, nailoni, pamba zenye rangi kali kama khanga na vitenge, nguo nyeusi, na chochote chenye mpira wa kuvutika, kwa kuwa nguo za ndani na soksi hupoteza mvuto wake mapema zikichomwa na joto na mwanga kila siku. Poliesta hustahimili zaidi, ingawa baibui jeusi la poliesta nalo ni bora lisikae juani kutwa. Kivuli ninachokisema ni cha barazani au chini ya paa ambako upepo unapita. Chumba kilichofungwa hukausha polepole, nguo hupata harufu ya uvundo na ukungu, na hapo umebadilisha tatizo la rangi kwa tatizo la afya. Asiye na kivuli chenye upepo aipindue nguo ndani nje na kuianua mara inapokauka.

Swali: Mhudumu wa afya alituambia chandarua chenye dawa kisianikwe juani. Si jua ndilo linaloua wadudu na vijidudu?

Alisema kweli, na katika yote ninayoyaeleza hapa, hili ndilo ningependa lishikwe kwanza. Khanga iliyopauka ni hasara ya macho, lakini chandarua kilichopoteza dawa huenda kikampitisha mbu.

Dawa iliyomo kwenye vyandarua vingi ni ya jamii ya pairethroidi, iliyobuniwa kwa kufuata mfano wa sumu ya asili iliyomo kwenye maua ya pareto, zao linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Sumu hiyo ya asili huvunjwa haraka sana na jua, kiasi kwamba haikufaa kwa kazi ya kudumu. Mwaka 1973 watafiti wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza paamethrini, ambayo hustahimili mwanga zaidi, na dawa hiyo pamoja na jamaa zake ndizo zilizokuja kutiwa kwenye vyandarua. Hata hivyo kustahimili zaidi si kutoharibika. Miale ya urujuanimno bado huivunja dawa iliyo juu ya nyuzi, kama inavyoivunja rangi ya khanga, na tofauti ni kwamba dawa haina rangi, kwa hiyo hutaona chochote kilichopotea. Hakuna namna ya kuitambua kwa macho wala kwa kunusa ukiwa nyumbani.

Chandarua cha dawa ya muda mrefu hutengenezwa ili kistahimili takriban mara 20 za kufuliwa na miaka 3 ya matumizi. Chukua familia inayokifua kila Jumamosi: itafikisha mara 20 kabla ya miezi mitano kwisha. Familia inayokifua kila baada ya miezi 3 itakuwa imekifua mara 12 tu katika miaka hiyo 3. Siku ya kufua, tumia beseni, maji baridi na sabuni ya kawaida ya kipande. Usikiloweke kwa muda mrefu, usikisugue kwenye jiwe, na usitie kabisa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Kifikiche taratibu kwa mikono, kisuuze, kisha kitandaze kwenye kamba iliyo barazani. Kitambaa cha chandarua ni chepesi na chenye matundu, kwa hiyo kikifuliwa asubuhi huwa tayari kabla ya giza. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye choo cha shimo au shimo lililo mbali na kisima, yasipelekwe mtoni, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Chandarua kipya nacho huanikwa kivulini kwa siku moja kabla ya kutumika, ili watu wasiwashwe ngozi na macho.

Kama tayari umewahi kukianika juani, usikitupe. Endelea kulala ndani yake, ziba matundu kwa uzi na sindano, na kuanzia sasa kianike kivulini. Hata kikiwa na dawa kidogo, bado ni ukuta kati yako na mbu.

Swali: Mama mkwe anasema nguo za mtoto zikianikwa kivulini zitamletea funza ndani ya ngozi. Ni imani tu?

Mama mkwe ana msingi. Yuko nzi katika Afrika ya kitropiki, wengi humwita nzi wa embe, ambaye hutaga mayai kwenye udongo wenye kivuli ulio na mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na buu mdogo huweza kusubiri siku kadhaa mpaka agusane na ngozi yenye joto, kisha huingia bila maumivu. Baadaye hutokea uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati, na mgonjwa huhisi kitu kinatembea ndani.

Kwa hiyo nepi, vitambaa vya hedhi na shuka za pamba ni za juani, kwenye kamba iliyoinuliwa na si juu ya majani. Vitambaa vya hedhi mara nyingi hukaushwa kwa kificho chini ya godoro, navyo hubaki na unyevu unaokuza ukungu na bakteria. Anayehitaji faragha avianike juani chini ya kitambaa chepesi, na avitumie vikiwa vimekauka kabisa. Nguo zinazolazimika kukauka kivulini zipigwe pasi pande zote mbili, mishono na kiuno vikipewa muda zaidi, kwa sababu huko ndiko mayai husalimika. Chandarua hakipigwi pasi, hivyo kamba yake iwe barazani pasafi, na pindo zake zisiguse chini.

Jipu la aina hiyo likitokea, lisikamuliwe, kwa kuwa buu akipasukia ndani huleta uvimbe mkubwa na maambukizi. Tundu lipakwe mafuta mazito ya mgando ili buu akose hewa na ajitokeze, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya atolewe buu akiwa mzima.