Jina mwishoni mwa mstari

Kwa nini siku hizi grafu nyingi za mistari hazina ufunguo pembeni, jina limeandikwa tu pale mstari unapoishia?

Ili macho yasisafiri. Chukua idadi ya watu katika sensa tatu za mwisho za Kenya, Tanzania na Uganda. Kompyuta hupanga ufunguo kwa mfuatano wa safu za data: Kenya, Tanzania, Uganda. Lakini kwenye grafu, Tanzania ndiyo iliyo juu. Msomaji hutazama mstari, huhamia kwenye ufunguo, hurudi, na njiani rangi imeshamponyoka. Ukichapa kwa wino mweusi, au msomaji akiwa hatofautishi nyekundu na kijani, ufunguo hausaidii kitu.

Kwenye Excel, bofya mstari mara moja uchaguliwe wote, kisha bofya tena nukta ya mwisho ibaki peke yake. Bofya kulia, chagua `Add Data Label`, halafu ndani ya `Format Data Labels` weka tiki kwenye `Series Name`, ondoa ile ya `Value` na uchague `Right`. Lebo ipe rangi ya mstari wake. Futa ufunguo, kisha sogeza ukingo wa kulia wa grafu ndani kidogo, la sivyo jina litakosa nafasi. Ukiona lebo zimejaa kwenye kila nukta, ulisahau ule mbofyo wa pili.

Tatizo huja mistari inapoishia karibu karibu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, ya Tanzania ya 2022 milioni 61.7, na ya Uganda ya 2024 milioni 45.9. Kama mhimili wima una sentimita 10 kutoka sifuri hadi milioni 70, Kenya na Uganda zinaachana kwa milimita mbili na ushei. Maandishi ya kawaida ni marefu kuliko hapo. Ukipanga majina yote katika safu moja ukingoni kulia, hayo mawili yatapandana.

Hapa dawa ni rahisi: kila jina likae penye mwisho wa mstari wake. Kenya inaishia miaka mitano kabla ya Uganda, kwa hiyo lebo hazikutani, na msomaji anaona mara moja kwamba takwimu za Kenya zimekomea 2019. Kama mistari yote ingeishia mwaka mmoja, ningeinua lebo moja na kushusha nyingine kidogo. Ikiwa saba au nane na imesukana, mimi huacha mmoja au miwili na rangi na majina, iliyobaki huipaka kijivu.

Na ukiongeza sensa mpya, kagua tena: Excel huiacha lebo kwenye nukta ile ile ya zamani, jina likabaki katikati ya mstari.