Magunia 17, si 21 wala 13

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ghala moja la korosho huku Tandahimba. Karani akanisomea daftari lake: magunia 40, yenye unyevu 12, yenye korosho mbovu 9. "Kwa hiyo, mwalimu, ukivuta gunia moja bila kuchagua, uwezekano wa kupata lenye unyevu au lenye mbovu ni 21 kwa 40. Si 'au' ni kujumlisha?"

Hapana, "au" si kujumlisha. Kauli hiyo nimeisahihisha kwa wanafunzi wa kidato cha nne mwaka baada ya mwaka, na safari hii nimeamua kuiandika.

Tulikwenda kwenye rundo. Kila gunia lenye unyevu lilikuwa limeandikwa U kwa chaki, lenye mbovu M. Manne yalikuwa na herufi zote mbili. Hapo ndipo 21 ilipotoka: karani alihesabu alama za chaki, na alama kweli ni 21. Lakini mkono wako hauvuti alama, unavuta gunia. Seti ya matokeo yote, S, ina magunia 40, na tukio ni seti ndogo ya S, yaani ni mkusanyiko wa magunia. Gunia likishaingia kwenye seti limeingia. Haliingii mara ya pili kwa kuwa lina kasoro mbili.

Kwa hiyo U∪M, yaani muungano wa magunia yenye U au M, una magunia 8 yenye U peke yake, 5 yenye M peke yake na 4 yenye zote. Jumla 17.

Wengine wanajibu 13, na kosa hilo linaniudhi zaidi kwa sababu aliyelifanya ameikariri kanuni. Anajua kuna "kutoa makutano", yaani yaliyomo kwenye seti zote mbili, akadhani yale manne yanatolewa kwa kuwa hayatakiwi. Kiswahili chetu cha kila siku kinamsukuma huko: mtu akikuuliza "chai au kahawa?" hategemei uchukue vyote viwili. Kwenye seti, "au" inachukua na vyote viwili. Yale manne yanabaki ndani ya jibu. Tunachotoa ni hesabu yao ya pili, maana yalihesabiwa ndani ya 12, yakahesabiwa tena ndani ya 9.

Sasa tuipate kanuni yenyewe, bila kuikariri. Tugawe muungano katika vipande visivyogusana:

U∪M = U ∪ (M\U)
M = (U∩M) ∪ (M\U)

U∩M ni makutano, yale manne yenye zote mbili, na M\U ni yale yenye M lakini hayana U. Vipande visivyo na gunia la pamoja uwezekano wake unajumlishwa moja kwa moja. Hapa tu ndipo kujumlisha kunapohalalika. Tukiandika P kwa uwezekano, mstari wa kwanza unatupa P(U∪M) = P(U) + P(M\U). Wa pili unatupa P(M\U) = P(M) − P(U∩M). Ingiza wa pili kwenye wa kwanza:

P(U∪M) = P(U) + P(M) − P(U∩M)

Kwa rundo letu: 12/40 + 9/40 − 4/40 = 17/40.

Kosa la 21 halijitangazi. Kama yenye unyevu yangekuwa 25 na mbovu 20, jumla 45/40 ingepita 1 na kila mtu angeshtuka. Hapa 21/40 inaonekana ya kawaida kabisa. Na ukipewa 12 na 9 peke yake huwezi kulijua jibu. Unajua tu kwamba liko kati ya 12 na 21. Anayejaza pengo kwa kuzidisha, 12/40 × 9/40, anapata makutano ya magunia 2.7, kana kwamba unyevu na kuoza havijuani. Vinajuana sana: korosho iliyowekwa mbichi huota ukungu.

Kuna jambo linalonisumbua. Hiyo 40 ya chini inadai kila gunia lina nafasi sawa ya kuvutwa. Nilimtazama karani akivuta: alichukua la juu, karibu na mlango. Tuseme gunia la mlangoni lina uwezekano 0.05 badala ya 0.025, na mengine yamepungukiwa ili jumla ibaki 1. Basi P(U) inakuwa jumla ya uzito wa magunia yake, na hatua zote mbili za juu zinasimama vilevile, kwa kuwa hazikugusa usawa popote. Kinachoanguka ni 17/40. Magunia yenye kasoro bado ni 17, ila uwezekano wa kuvuta mojawapo unategemea mangapi kati yake yamepangwa karibu na mlango, na daftari la karani halikuandika hilo.