Ukiomba ruhusa ya kuhama, usiifunge kwenye tarehe ya ahadi

Kazi yangu ni utumishi, na maombi ya likizo yote ya ofisi yetu hupita mezani kwangu kabla hayajasainiwa. Ruhusa ya kuhama nyumba ni ya siku chache tu, lakini ndiyo inayorudi kwangu mara nyingi kuliko zote ikitaka kubadilishwa. Mtu anaomba siku tatu, zinapita akiwa amekaa juu ya maboksi, halafu wiki inayofuata anaomba nyingine tatu. Chanzo karibu kila mara ni kimoja: ameomba kwa kufuata tarehe aliyoahidiwa nyumba, na nyumba haikuwa tayari siku hiyo.

Kuna tarehe ya ahadi na kuna tarehe ya makabidhiano. Mwenye nyumba akikuambia "kuanzia tarehe 14 utaingia", hiyo ni ahadi. Makabidhiano yana saa, yana mtu atakayekuja na funguo, na nyumba iko tupu, maji na umeme vinafanya kazi. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, muulize mambo matatu: anayekaa humo sasa ameshatoka? Kuna fundi ambaye bado hajamaliza? Funguo ziko kwa nani leo? Akisita kwenye swali lolote, ichukulie tarehe hiyo kuwa inaweza kusogea, na uandike ombi lako ukijua hivyo.

Nieleze kwa mfano wa dada mmoja wa kitengo cha mishahara, aliyekubali niusimulie bila jina lake. Aliahidiwa nyumba Alhamisi tarehe 14. Mkataba wa nyumba aliyokuwa akikaa ulikuwa unaisha Jumapili tarehe 31. Salio lake la likizo lilikuwa siku nne, na kitengo chao hakiruhusu mtu kutoka kati ya tarehe 20 na 25 kwa sababu ndipo mishahara inapofungwa. Fomu aliyoniletea iliomba Jumatano tarehe 13 hadi Ijumaa tarehe 15, siku tatu mfululizo. Nilimwomba akae kwanza tuihesabu upya.

Jumatano ilikuwa ya kufunga mizigo. Tuliiondoa. Vyombo, vitabu na nguo zisizovaliwa hufungwa jioni na mwisho wa juma, siku ambazo kwa ratiba yetu hazikatwi kwenye likizo. Kinachobaki kufungwa mwishoni ni kitanda, jiko na nguo za siku mbili.

Alhamisi tuliiacha nzima, japo yeye alidhani nusu siku ingetosha. Nyumba inapokelewa ikiwa tupu na mchana, na kupokea huku ni kazi. Unafungua kila koki na kuiacha itiririke uone maji yanatoka kwa nguvu gani na yanaondoka kwa kasi gani. Unavuta maji chooni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikuonyeshi kama tangi linajaa tena. Unapita na chaja ya simu kwenye kila soketi. Unajaribu kila ufunguo kwenye kitasa chake na kuhesabu funguo ulizopewa. Unapiga picha mita ya maji na ya umeme namba zikisomeka, usije ukalipia matumizi ya aliyetangulia. Kisha unaandika kasoro zote, mnasaini wawili, kila mmoja anabaki na nakala. Kwa nyumba ya vyumba viwili, ukifanya kwa utulivu, saa mbili zinakwenda. Na mwenye funguo akichelewa, asubuhi yote imekwisha.

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiite lori siku ileile asubuhi. Kabati likishaegemezwa ukutani, ile alama ya unyevu iliyo nyuma yake huioni tena hadi siku utakapohama. Na mkwaruzo wa sakafu ukionekana baada ya wabeba mizigo kupita, huna namna ya kuonyesha kwamba uliukuta. Kwa hiyo mizigo tukaipangia Ijumaa tarehe 15, na Jumamosi na Jumapili zikabaki za kupanga vitu.

Kitu kimoja hakikuwemo kabisa kwenye fomu yake, na wengi hukisahau: nyumba ya zamani nayo inakabidhiwa. Inafagiliwa, inakaguliwa, mita inasomwa, funguo zinarudishwa, na dhamana yako inategemea ukaguzi huo. Tukaiwekea nusu siku, Ijumaa tarehe 29. Likizo si lazima ifuatane. Kwa msimamizi, siku mbili katikati ya mwezi na nusu siku mwishoni ni rahisi kuzipangia mtu wa kushika nafasi kuliko siku tatu za mkupuo, na salio la dada yetu likabaki na siku moja na nusu kama akiba.

Ikabaki hofu ya tarehe kusogea. Ikisogea wiki moja tu, inaangukia tarehe 21, katikati ya kufunga mishahara. Kwa hiyo tarehe mbadala hatukuiweka wiki iliyofuata. Tuliiweka Jumanne tarehe 26 na Jumatano tarehe 27, ambazo bado zilikuwa ndani ya mkataba wake wa zamani. Barua ikasomeka hivi:

"Yah: Maombi ya ruhusa ya siku mbili na nusu kwa ajili ya kuhama makazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba ruhusa Alhamisi tarehe 14 kwa kukabidhiwa nyumba na Ijumaa tarehe 15 kwa kuhamisha mizigo, pamoja na asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 kwa kurudisha nyumba ninayokaa sasa. Makabidhiano yakiahirishwa, ninaomba siku mbili za kwanza zihamie tarehe 26 na 27. Nitathibitisha kwa maandishi Jumatatu tarehe 11 kabla ya saa sita mchana. Mwenzangu wa kitengo amekubali kushika kazi zangu, na nitamkabidhi faili zote siku moja kabla ya kuondoka."

Sentensi ya kuthibitisha ndiyo iliyomfanya mkuu wake asaini bila maswali. Msimamizi anaweza kuvumilia tarehe mbili, ila hawezi kuvumilia kupigiwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Siku tatu kabla zinatosha kumrudisha mtu kwenye zamu na kuahirisha lori.

Niseme pia kwamba mpango huu una mpaka wake. Mkataba wa zamani ukiisha siku ileile unayokabidhiwa nyumba mpya, huna tarehe mbadala ya kumpa mtu yeyote. Hapo zungumza na mwenye nyumba unayokaa kwanza, umwombe hata juma moja la ziada, ndipo uje kwenye fomu ya likizo. Na kama wewe ni mgeni kazini na huna salio, angalia mwongozo wa ofisi yako kuhusu ruhusa bila malipo au kubadilishana zamu. Siku ya makabidhiano ndiyo ya kupigania, ya mizigo inaweza kusubiri Jumamosi.

Jumatatu tarehe 11 saa tatu asubuhi dada yetu alimpigia mwenye nyumba. Fundi bomba alikuwa bado. Alituandikia mistari miwili, akafunga mishahara na wenzake, na tarehe 26 saa nne asubuhi akapokea funguo sita. Moja haikufungua mlango wowote, na ikaandikwa kwenye karatasi ya kasoro kabla hajasaini.