Sababu ya kosa hupotelea njiani

"Kwa nini programu ikikataa fomu yangu huniambia tu 'Kuna hitilafu, jaribu tena', bila kunionyesha nilipokosea?"

Mara nyingi ni kwa sababu sehemu ya programu inayoandika maneno hayo kwenye skrini haijui kilichotokea. Kosa hugunduliwa ndani, mahali panapolijua kwa undani, lakini linapopandishwa hatua kwa hatua kuelekea kwa mtumiaji, sababu yake huachwa njiani na kinachofika juu ni habari moja tu, kwamba kazi haikufanyika.

Kwa muda mrefu mimi niliamini vingine. Niliamini kwamba ujumbe mbaya wa kosa ni tatizo la lugha, na kwamba dawa yake ni kumpa mtu anayejua Kiswahili vizuri ausafishe. Kwa imani hiyo nilikubali kupitia maneno ya fomu ya usajili ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Fomu hiyo, kila ilipokataa jambo, ilisema "Ingizo batili". Nilifuta maneno hayo nikaandika: "Samahani, taarifa ulizojaza hazijakubaliwa. Tafadhali zihakiki, kisha ujaribu tena." Nilidhani kazi imekwisha. Sentensi ilikuwa ya heshima, haikuwa na neno gumu, na kila mtu niliyemsomea aliielewa.

Wapimaji walipoketi nayo, hakuna kilichobadilika. Walikuwa watu wachache wa aina ile ile itakayoitumia fomu: karani wa chama, wakulima kadhaa, na kijana mwenye kibanda cha miamala ambaye huwajazia wengine fomu. Kila ujumbe ulipotokea, tuliwauliza swali moja tu: sasa utafanya nini? Hatukuwauliza kama ujumbe unaeleweka, kwa sababu karibu kila mtu hujibu kuwa unaeleweka, na jibu hilo halimsaidii mwandishi. Mama mmoja aliusoma ujumbe wangu kwa sauti, bila kukwama popote, kisha akaandika upya namba ile ile, akakataliwa, akaiandika mara ya tatu.

"Mwanangu, hii ndiyo namba iliyo kwenye kitambulisho changu," aliniambia. "Sina nyingine. Au niende mjini wakanibadilishie kadi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Mama huyo alikuwa ameelewa kila neno, lakini ndani ya maneno hayo hapakuwa na habari yoyote ya kumwelekeza, kwa hiyo alitafuta maelezo yake mwenyewe, akayapata mahali pasipohusika kabisa: kadi yake. Kama tungemwacha, angelipa nauli kwenda kutafuta dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Kusafisha lugha ya ujumbe usiobeba sababu ni kuufanya usomeke kwa urahisi zaidi huku ukiendelea kutosema kitu, na hakuna mwandishi, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuandika sababu ambayo programu haikumletea.

Kwamba ujumbe wa kosa unapaswa kutaja tatizo na njia ya kutoka si wazo jipya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliliweka kati ya kanuni zake kumi za usanifu mwaka 1994, na mwongozo wa ufikivu wa tovuti wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, katika toleo lake la mwaka 2008, unadai vilevile kwamba kosa litambulishwe kwa maandishi, na kwamba pendekezo la kulirekebisha litolewe pale linapojulikana. Kanuni ipo, kinachostahili kueleweka ni namna sababu inavyopotea.

Fikiria mkulima wa Hombolo aliyetuma makreti ya zabibu kiwandani kwa gari la jirani. Mpimaji wa kiwandani anapima sukari ya zabibu, anaona haijafikia kiwango, anamwambia karani wa mizani kwamba zabibu hizo zinahitaji siku kadhaa zaidi mzabibuni. Karani anamwambia dereva kwamba mzigo huu haupokelewi. Dereva anarudi kijijini na neno moja: "Wamekataa." Hakuna aliyedanganya katika mnyororo huo, na kila mmoja alisema kilichomtosha yule wa mbele yake, kwa kuwa dereva alihitaji tu kujua kama ashushe makreti au asishushe. Lakini mkulima anabaki na mambo matatu yanayofanana kwa sura: huenda zabibu hazijakomaa, huenda zimeoza njiani, huenda mizani ilikuwa imefungwa siku hiyo. La kwanza linamtaka asubiri kuvuna, la pili linamtaka abadilishe ufungaji, la tatu linamtaka arudi kesho na mzigo ule ule. Dereva akiongeza kwa wema, "Jaribu tena kesho," amechagua moja kati ya matatu bila kujua, na kwa mwenye zabibu changa ushauri huo ni wa uongo.

Programu hufanya kama dereva huyo, na mahali inapofanyia panaweza kuonyeshwa kwa kidole. Msimbo wa fomu yetu ulikuwa na umbo hili:

```
try {
  await sajili(mkulima);
} catch (e) {
  onyesha("Samahani, taarifa ulizojaza hazijakubaliwa. Tafadhali zihakiki, kisha ujaribu tena.");
}
```

Ile `e` ndiyo sababu iliyoletwa kutoka ndani. Inapokelewa katika mstari wa tatu, na katika mstari wa nne haitajwi tena. Iwe namba ina upungufu, iwe mtu amekwisha kusajiliwa, iwe mtandao umekatika, vyote vinaingia katika mdomo huo mmoja na kutoka kama sentensi moja. Mtaalamu wa msimbo aliyekuwa nasi alirekebisha upande wa seva, yaani kompyuta inayopokea fomu zilizotumwa, ili kila kukataa kuje na jina lake na vipimo vyake:

```
{"kosa": "NIDA_TARAKIMU", "zimefika": 18, "zinatakiwa": 20}
```

Tulipoisoma mara ya kwanza, baada ya yule mama kujaza fomu tena, tulistaajabu. Zilikuwa zimefika tarakimu 18, ilhali sote tulimwona akiandika zote kutoka kwenye kadi.

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yaani namba ya NIDA, ina tarakimu 20, lakini kwenye kadi huandikwa kwa mafungu yaliyotengwa kwa vistari: 8, kisha 5, kisha 5, kisha 2. Namba ya kubuni ingeonekana hivi: 19000101-00000-00000-00. Ukihesabu na vistari, ni alama 23. Mtengenezaji wa fomu, akijua kwamba tarakimu ni 20, alikuwa ameweka kikomo kwenye kisanduku:

```
<input name="nida" maxlength="20">
```

Kikomo hicho huhesabu kila alama, vistari vikiwemo, na kikifikiwa kisanduku huacha kupokea kimyakimya. Alama ya 20 ilikuwa tarakimu ya mwisho ya fungu la tatu. Kistari cha tatu na tarakimu mbili za mwisho hazikuingia kamwe. Mama alikuwa akitazama vitufe na kadi, wala si kisanduku, ambacho kwenye simu ndogo kilionyesha sehemu tu ya namba. Seva ilipoondoa vistari viwili vilivyobaki, ikahesabu 18, ikakataa. Aliyekosea ilikuwa fomu, na ujumbe wangu ulikuwa ukimwomba mama radhi huku ukimtaka ahakiki kazi aliyoifanya kwa usahihi.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza hayakuwa maneno. Kikomo kiliondolewa, na vistari na nafasi zikawa zinafutwa na programu yenyewe kabla ya kuhesabu. Hili naliona kuwa funzo kubwa la upimaji wa namna hii: ukijaribu kuandika ujumbe unaosema kweli, wakati mwingine unagundua kwamba kosa hilo halikupaswa kuwepo. Baada ya hapo yalibaki makosa halisi, kama kuruka tarakimu moja, na ujumbe wake ulijiandika karibu wenyewe: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Uliyoandika ina 19. Ilinganishe na kadi yako fungu kwa fungu, kisha uongeze iliyorukwa." Uliwekwa chini ya kisanduku chenyewe, na yaliyoandikwa hayakufutwa. Mpimaji aliyefuata aliweka kidole kwenye kadi, akahesabu, akapata pengo katika fungu la tatu.

Kosa la mtandao lilitusumbua zaidi, kwa kuwa hapo "jaribu tena" huweza kuwa ushauri sahihi, lakini si kila wakati. Tulimpa mpimaji simu, tukamwambia abonyeze Tuma, kisha tukazima data mara moja. Ikiwa data imezimwa kabla taarifa hazijatoka, ni kweli kwamba hazikutumwa. Lakini ikizimwa baada ya seva kupokea na kabla jibu halijarudi, mkulima amekwisha kusajiliwa, ila simu haijui. Kumwambia "Usajili umeshindikana" ni kumwambia uongo, na akirudia atakutana na ujumbe mwingine unaosema namba yake tayari imo, jambo ambalo wapimaji wawili walilielewa kuwa mtu mwingine ametumia kitambulisho chao. Tuliandika: "Hatujapata uthibitisho kutoka kwa seva. Taarifa zako zimehifadhiwa katika simu hii. Mtandao ukirudi, bonyeza Tuma tena. Hutasajiliwa mara mbili." Sentensi ya pili na ya mwisho zilikuwa ahadi, kwa hiyo fomu ilibidi ihifadhi taarifa kwelikweli, na kila ombi lipewe alama yake ili seva ilitambue likirudiwa. Mpimaji alizima na kuwasha simu kuhakikisha ahadi ya kwanza inatimizwa, na karani akatazama orodha kuhakikisha ya pili.

Si kila sababu inafaa kusemwa. Kwenye ukurasa wa kuingia, ujumbe "Jina la mtumiaji au nywila si sahihi" hauelezi ni kipi kati ya viwili, na hilo hufanywa kwa makusudi, maana ukitaja kwamba jina lipo ila nywila imekosewa, umemthibitishia mgeni kwamba mtu huyo ana akaunti. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuonyesha jina wala kijiji cha aliyekwisha kusajiliwa kwa namba fulani. Na kundi dogo la wapimaji wa eneo moja linaweza kuonyesha kwamba ujumbe unapotosha, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba utaeleweka kila mahali. Neno "tarakimu" lenyewe tuliliacha kwa sababu tu hao walilielewa.

Yalibaki makosa ambayo hata seva haikuyajua jina. Kwa hayo fomu sasa inasema: "Kuna tatizo upande wetu, si katika ulichojaza. Mpigie karani wa chama umsomee namba hii: 4172." Namba hiyo hubadilika kila mara, huandikwa pia kwenye kumbukumbu za seva pamoja na ile `e`, na ina tarakimu nne tu, kwa sababu mpimaji mmoja alipopewa ya herufi na namba kumi na mbili aliisoma kwenye simu mara tatu, na karani akaiandika kwa namna tatu tofauti.